Gesi Inayovuja Hutambaa Sakafuni: Ikague na Ipe Njia ya Kutoka

Gesi ya kupikia iliyomo kwenye mitungi yetu ni nzito kuliko hewa, na kwa hiyo inapovuja haipandi darini bali hushuka na kutanda sakafuni, chini ya meza na nyuma ya ndoo. Wateja wengi wanaofika dukani kwetu hutueleza kwamba jiko lao lina dirisha kubwa, lakini dirisha lililo juu ya kiuno haliwezi peke yake kuiondoa gesi iliyolala miguuni.

Chukua jiko la mita 2 kwa mita 2.5. Gesi huanza kuweza kulipuka inapofika takribani asilimia 2 ya hewa. Ikiwa imetanda hadi kimo cha goti tu, yaani nusu mita, kiasi cha gramu 100 hivi kinatosha kufikia kiwango hicho, ilhali mtungi mdogo hubeba kilo 6. Ndiyo maana tunasisitiza mlango unaofika sakafuni uwe wazi wakati wa kupika, au ukuta wa nje utobolewe matundu ya hewa karibu na sakafu. Dirisha la juu nalo libaki wazi, kwa kuwa moto unahitaji hewa safi, na mwali wa njano unaotia sufuria masizi ni dalili kwamba gesi haiungui vizuri na huenda inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Kila unapobadilisha mtungi, changanya sabuni ya maji na maji kidogo hadi upate povu. Hakikisha hakuna moto karibu, funga vitufe vyote vya jiko, kisha fungua mtungi. Paka povu pale regyuleta inaposhikana na mtungi, halafu kwenye ncha zote mbili za mpira, mahali penye vibano, na uliangalie kwa utulivu, kwa sababu tundu dogo hutoa mapovu taratibu. Mapovu yakikua, funga mtungi. Mara nyingi kosa huwa ni pete ya mpira ya kuzibia iliyochakaa au mpira wa gesi uliopasuka unapokunjwa, na vyote hubadilishwa, havifungwi kwa gundi wala utepe. Kamwe usikague kwa kiberiti.

Ukinusa gesi, usiwashe wala kuzima taa au feni, kwani cheche ndogo ya swichi inatosha. Zima moto wowote ulio karibu, funga mtungi, fungua mlango na utoe watu nje. Pua huzoea harufu baada ya muda, hivyo usidhani kwamba gesi imekwisha kwa sababu tu huisikii tena. Mtungi unaoendelea kuvuja hata baada ya kufungwa, ukiweza kuufikia salama, utoe nje ukiwa wima, mbali na mtaro na shimo, kisha upige simu Zimamoto, ambao kwa Tanzania nambari yao ni 114.