"Ikipanda tu, nimepata": maneno machache kwa wanachama

Mwenyekiti, mama mweka hazina, ndugu wanachama: mlinipa dakika kumi nizungumzie kodi. Kodi itasubiri kidogo, kwa sababu wiki hii tena mmoja wetu amenipigia simu na yale yale: "Kaka, nimechukua koli za dola themanini tu. Kampuni inatoa matokeo Alhamisi. Ikipanda tu, nimepata." Nimeshajibu simu za namna hiyo mpaka nimechoka, basi leo tulimalize tukiwa wote.

Koli ni aina ya opsheni: unalipia haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa, mpaka siku fulani. "Ikipanda tu" ndiyo dhana inayowamaliza. Anayenunua opsheni ya wiki, tena ya bei iliyo mbali juu ya bei ya sasa ya hisa, anahitaji hisa ipande kupita kiasi ambacho soko limeshakilipia, na ifanye hivyo kabla ya Ijumaa kufunga.

Tuchukue hisa iliyo dola 100. Matokeo yanatoka Alhamisi baada ya soko kufungwa, opsheni inakwisha Ijumaa. Koli ya 110 inauzwa senti 85, na kwa kuwa mkataba mmoja ni hisa 100, unalipa dola 85. Sasa tazama jambo ambalo hakuna aliyenipigia simu aliyewahi kulitazama: koli ya 100 na puti ya 100, yaani haki ya kuuza kwa bei hiyo, ukizijumlisha, zinauzwa dola 8. Hizo 8 ndizo makisio ya soko, kwamba hisa itatikisika kama asilimia 8, juu au chini. Wewe umenunua koli inayohitaji 110.85 siku ya mwisho ili urudishe pesa yako tu.

Ijumaa hisa inafungua 106. Umepatia! Asilimia 6 usiku mmoja. Unafungua simu, koli yako ni senti 5 hivi. Dola 85 zimekuwa 5, na hisa imepanda.

Mnaikumbuka nauli ya Moshi wiki ya Krismasi? Basi ni lile lile, barabara ile ile, ila kila mtu anajua siku gani watu watajaa stendi, kwa hiyo bei inapanda mapema. Sikukuu ikipita, hakuna wa kukulipa ile nauli. Opsheni kabla ya matokeo ziko hivyo. Kwenye skrini ni ile namba iliyoandikwa IV, makisio ya mtikisiko yaliyomo kwenye bei ya opsheni. Inavimba siku zote za kungoja, na matokeo yakishatoka haibaki siri ya kulipia, inaporomoka soko likifunguliwa tu. Koli yako ya 110 imebakiwa na siku moja, inadai dola 4 zaidi, na habari imeshakwisha.

Msiseme natunga. Novemba 20, 2024, Nvidia walitangaza mapato ya robo mwaka ya dola bilioni 35.1, ongezeko la asilimia 94 kwa mwaka. Hisa ilikuwa 145.89 kabla ya tangazo. Kesho yake ilifunga 146.67, na Ijumaa ikafunga chini ya 142. Mwenye koli ya 160 ya wiki ile aliijua kampuni vizuri kabisa, na koli yake ikafa bila thamani.

Wengine mnasema, "Nitauza mapema ikigeuka." Utauza saa ngapi? Hapa Houston opsheni za hisa zinafunga saa tisa alasiri na kufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi. Matokeo yanatoka katikati. Agizo lako la kuzuia hasara linalala nawe usingizi.

Na yule aliyesema basi tuwe wauzaji wa hizo koli: kama huna hisa 100 za kufunika kila mkataba, kaa chini. Mnunuzi hupoteza alicholipa, lakini hasara ya muuzaji asiye na hisa haina dari.

Kinachoniudhi zaidi ni "hasara yangu ina kikomo." Ndiyo, kwa mkataba mmoja. Mwaka huu nilishika 1099-B ya mtu, ile fomu ya kodi ambayo dalali anaorodhesha mauzo yako, mistari 41 ya opsheni, na kwenye safu ya mapato ya mauzo ni 0.00, 0.00, 0.00 mpaka chini ya ukurasa. Hakuna mstari uliozidi dola mia na kitu. Jumla: 3,700 na ushei.

Na hapo ndipo kodi inapoingia. Hakuwa na faida nyingine ya kufidia, na sheria inaruhusu hasara ya mtaji kupunguza mapato yako ya kazi kwa dola 3,000 tu kwa mwaka. Zile 700 zimesogezwa mwaka unaofuata.

Anayeng'ang'ania kununua, ajumlishe kwanza ile koli na puti za bei iliyo sawa na bei ya sasa ya hisa, aandike jumla kwenye karatasi, kisha anipigie. Wenye 1099-B mkononi, nileteeni kurasa zote, siyo ule wa kwanza peke yake.