Ombi la ushuhudiaji wa ibada: maana yake na jinsi linavyoandikwa

Ushuhudiaji ni mbinu ya utafiti ambayo mtafiti hufika mahali jambo linapotendeka, akatazama, akasikiliza, kisha akaandika alichokiona, bila kuwaita watu pembeni kuwahoji. Mwanafunzi anayetaka kuitumia mbinu hiyo kanisani au msikitini huanza kwa kumwandikia kiongozi wa mahali hapo. Barua pepe hiyo huitwa ombi la ushuhudiaji, na ina kazi mbili: kuomba nafasi ya kuingia na kukaa, na kueleza maandishi ya daftarini yatakwenda wapi. Wanafunzi wengi huifanya kazi ya kwanza kwa adabu nzuri na kuigusa ya pili kwa sentensi moja tu, ilhali ya pili ndiyo inayomwezesha kiongozi kuamua.

Tuchukue mwanafunzi wa sosholojia anayetaka kuelewa mnada wa sadaka katika usharika wa Kilutheri huko Moshi Vijijini. Waumini ambao hawakutoa fedha huleta mazao, na ibada ikiisha watu hukusanyika nje ya kanisa, mkungu wa ndizi, kuku au trei ya mayai vikanadiwa mbele yao. Mara nyingine mnunuzi hulipa kisha akakirudisha alichonunua ili kinadiwe tena, na hapo ndipo swali la mwanafunzi lilipo: kwa nini mtu alipie kitu ambacho hakichukui?

Barua yake inaelekezwa kwa Mchungaji Kiongozi wa usharika, inamsalimu kwa "Bwana Yesu asifiwe" ikiwa mwandishi mwenyewe ni Mkristo, au kwa "Shikamoo Baba Mchungaji" ikiwa si Mkristo, na kichwa chake kinasema wazi: "YAH: OMBI LA KUHUDHURIA IBADA NNE NA MNADA WA SADAKA KWA AJILI YA UTAFITI". Mwanafunzi anajitaja jina, chuo na mwaka wa masomo, anaambatisha barua ya utambulisho ya chuo, anataja tarehe za Jumapili hizo nne, na anasema kama yeye ni Mlutheri au la. Jambo hili la mwisho lisifichwe. Mwanafunzi Mwislamu au Mkatoliki atakayebaki amekaa wakati wa Chakula cha Bwana ataonekana na usharika mzima, na Mchungaji aliyekwisha kuambiwa ataweza kuwajibu wazee wa kanisa wakimuuliza.

Kuna neno moja la kuangalia. Chuoni tunasema "ushuhudiaji", lakini kanisani ushuhuda ni mtu kusimama na kueleza Mungu alivyomtendea. Mchungaji akisoma "naomba kufanya ushuhudiaji katika ibada yako" anaweza kudhani kijana anaomba kipaza sauti. Ni afadhali kuandika "naomba kuketi nyuma na kutazama", na jina la mbinu libaki kwenye ripoti ya chuo.

Sasa tuje kwenye aya inayohusu maandishi. Inaweza kuandikwa hivi:

"Katika daftari nitaandika aina ya vitu vilivyoletwa, bei ambayo kila kitu kilianzia na bei kilipoishia, na maneno anayotumia anayenadi. Sitaandika jina la aliyetoa wala la aliyenunua. Sitarekodi sauti na sitapiga picha. Yakitolewa maombi ya wagonjwa, au mtu akisimama kutoa ushuhuda, nitafunga daftari. Daftari litasomwa na mimi na msimamizi wangu tu, nami nitaliteketeza ripoti ikishapokelewa na chuo. Katika ripoti, usharika hautatajwa kwa jina. Kabla sijaiwasilisha nitakuletea sehemu inayohusu mnada uisome, na ukiona jambo linaloweza kumwumiza muumini nitaliondoa."

Kila sentensi hapo inajibu swali ambalo Mchungaji angeuliza: unaandika nini, huandiki nini, nani atasoma, itakaa muda gani, na mimi nina nafasi gani ya kusema hapana baadaye. Ahadi ya kufunga daftari ina uzito kuliko inavyoonekana. Jina la mgonjwa hutajwa madhabahuni ili aombewe, na aliyekubali litajwe aliwakubalia waumini wenzake, si ripoti ya chuo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za imani ya dini na za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Mstari mmoja wa daftari unaosema "fulani, muumini wa hapa, anaombewa figo" unabeba zote mbili.

Ahadi isizidi uwezo wa mwenye kuahidi. Wanafunzi hupenda kuandika kwamba "hakuna mtu yeyote atakayeweza kutambulika", na katika usharika wa kijijini hilo haliwezekani. Tuseme mkungu wa ndizi ulioanzia shilingi 10,000 ukaishia 80,000 kwa sababu wazee wawili walishindana. Ukiandika kwamba "mzee mmoja alitoa 80,000", kila aliyekuwepo siku hiyo atamjua, ingawa jina halipo. Bei yenyewe imekuwa jina. Njia ya kugundua tatizo hili ni kumsomea Mchungaji aya hiyo: akisema mara moja "huyo namfahamu", basi umficho umeshindwa, na itabidi kuandika kwamba bei ilipanda mara kadhaa, au kuchanganya Jumapili zote nne bila kusema lipi lilitokea lini. Kwa hiyo barua iseme "sitaandika majina", ambalo mwanafunzi analiweza, isiseme "hawatajulikana".

Jambo la mwisho linalochanganya wengi ni ridhaa ya nani imepatikana. Mchungaji akijibu "karibu", amefungua mlango wa kanisa; hajakubali kwa niaba ya mama aliyeleta kuku. Hana mamlaka hayo, na si haki kumtwisha. Hata hivyo, mwanafunzi hawezi kuomba ridhaa ya watu mia tatu mmoja mmoja. Njia inayotumika ni kuomba ndani ya barua hiyohiyo kwamba jambo litajwe wakati wa matangazo: kuna mgeni kutoka chuo, atakaa benchi la nyuma, anaandika kuhusu mnada, na asiyependa jambo lake liandikwe amwambie yeye au mzee wa kanisa. Mwanafunzi amwandikie Mchungaji sentensi hizo mbili tatu tayari, kwa sababu tangazo lililotungwa papo hapo linaweza kugeuka "tuna mwanafunzi amekuja kujifunza neno la Mungu", na waumini wakampokea kwa jambo ambalo hakulijia.

Kimya cha Mchungaji si ruhusa. Barua pepe za usharika huenda zikafunguliwa na katibu mara moja kwa wiki, kwa hiyo baada ya siku saba ni vema mwanafunzi achapishe barua ileile na kuipeleka mwenyewe ofisini siku ya kazi, si Jumapili wakati Mchungaji anavaa joho. Jibu la "karibu" likija, linahusu ibada nne na mnada uliotajwa tu. Akialikwa jioni hiyo kwenye ibada ya nyumbani kwa muumini, anaweza kwenda kama mgeni, lakini daftari libaki begini mpaka mwenye nyumba aombwe kivyake.