Ukifuta Kurasa Kwenye PDF, Hakiki Namba, Alamisho na Viungo

Taarifa nyingi huletwa kwetu kitengo cha nyaraka zikiwa na kurasa zisizotakiwa: ukurasa mtupu nyuma ya jalada, au sehemu iliyokwisha kuandikwa upya. Kufuta kurasa hizo ni kazi ya dakika moja. Usumbufu huja baadaye, msomaji anapobofya kichwa cha habari na asifike popote.

Chukua taarifa yenye kurasa 64. Kurasa 6 za mwanzo zina namba za Kirumi, i hadi vi, kisha zinafuata 1 hadi 58. Tunataka kuondoa ukurasa mtupu wa ii, pamoja na sehemu ya 4.3 iliyo kwenye kurasa zilizochapwa 35 hadi 38. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu programu nyingi za kufuta hazisomi namba iliyochapwa. Zinahesabu nafasi ya ukurasa ndani ya faili, kuanzia jalada. Kwa hiyo ukurasa uliochapwa 35 uko nafasi ya 41, na ukiandika 35–38 utafuta kurasa zilizochapwa 29 hadi 32. Fungua vijipicha vya kurasa pembeni, uone kwa macho unachotaka kukiondoa.

Fanyia kazi nakala, na faili asili ibaki kama ilivyo. Usitumie njia ya “kuprinti” kurasa unazozitaka ziwe PDF mpya, maana kwa kawaida hupoteza alamisho na viungo vyote. Sisi hutumia qpdf, programu ya bure, ambayo huiambii cha kufuta bali kurasa za kubakiza:

```
qpdf asili.pdf --pages . 1,3-40,45-z -- safi.pdf
qpdf --show-npages safi.pdf
```

Nukta inamaanisha faili lilelile, na z ni ukurasa wa mwisho. Amri ya pili ilete 59, yaani 64 ukitoa 5. Ikileta namba nyingine, rudi kwenye faili asili uanze upya.

Sasa angalia namba. Iliyochapwa kwenye karatasi haibadiliki, kwa hiyo baada ya 34 utaona 39. Lakini PDF huwa pia na namba inayoonekana kwenye kisanduku cha juu cha programu ya kusomea, na hiyo hutokana na orodha iliyofichwa ndani ya faili. Qpdf huirekebisha orodha hiyo. Programu isiyoirekebisha huiacha ikisema kwamba nafasi 6 za mwanzo ni za Kirumi, wakati sasa zimebaki 5. Matokeo yake, ukurasa uliochapwa 1 unaitwa vi kwenye kisanduku, na uliochapwa 39, ambao sasa uko nafasi ya 40, unaitwa 34. Linganisha kisanduku na karatasi kwenye kurasa hizo mbili tu, na kosa litajitokeza.

Alamisho za kurasa zilizobaki kwa kawaida huendelea kufanya kazi, kwa kuwa zimefungwa kwenye ukurasa wenyewe, si kwenye namba. Ya sehemu ya 4.3 ndiyo yenye tatizo: jina lake bado lipo kwenye orodha, lakini ukibofya hakuna kinachotokea. Ifute kwa mkono. Kabla ya kuifuta, fungua kishale chake uone kama ina alamisho ndogo chini yake, kwani katika programu kama Acrobat ukifuta ya juu, za chini nazo huondoka. Ikiwa ukurasa ulifutwa kwa sababu ni wa siri, jina hilo lililobaki linaweza kuifichua siri yenyewe.

Viungo vya ndani hukaguliwa vivyo hivyo, hasa vya jedwali la yaliyomo. Kiungo ni kama kipande cha kioo kilichowekwa juu ya maandishi: kikifa, mstari wa “4.3 … 35” unaendelea kusomeka vizuri. Tafuta pia kwa Ctrl+F maneno “tazama ukurasa” na “sehemu ya 4.3”. Yakiwa mengi, ni afadhali kurudi kwenye faili la Word, kuondoa sehemu hiyo, kubonyeza Ctrl+A kisha F9 ili jedwali lijihesabu upya, halafu kutoa PDF mpya huku umechagua vichwa vya habari viwe alamisho. Faili lenye saini ya kidijitali pia lirudishwe kwa aliyelitia saini, kwani kurasa zikiondolewa saini ya awali haithibitiki tena.

Mwisho, kagua tovuti. Kiungo kilichoishia na `#page=45` kinahesabu nafasi, hivyo sasa kitampeleka msomaji kurasa 5 mbele ya alipokusudiwa. Kibadilishe kiwe `#page=40` siku ileile unayopandisha faili jipya.