533 tena, na safari hii imekuja na wakili

Swali ni hili, nimelitoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka: kuanzia 1 hadi 1000, namba ngapi zinagawanyika kwa 3 au kwa 5? Jibu ni 467. Ninacholetewa ni 533. Kila mwaka, kila kundi la tuisheni hapa Majengo, 533, na mtoto anakutazama machoni kabisa.

Nimeshazoea. Ila wiki iliyopita kijana mmoja wa kidato cha pili alikataa kosa lake, akaenda nyumbani kulalamika, na usiku kaka yake anayesoma chuo akaniandikia: "Shikamoo madam. Samahani kwa usumbufu, ila dogo yuko sahihi. Nimeihesabu kwa kompyuta, imetoa 533."

Nikaitikia marahaba, nikamwambia kompyuta imekosea. Akajibu kwa adabu zote kwamba kompyuta haikosei hesabu. Hapo ndipo nilipoamua kuandika haya, maana nitayatuma kwa yeyote atakayekuja tena na 533.

Tuanze na mtoto. Vigawe vya 3 hadi 1000 ni 333. Vigawe vya 5 ni 200. Swali limesema "au", yeye kichwani "au" ni alama ya kujumlisha, basi 333 na 200 ni 533, kalamu chini. Sasa ichukue namba 45. Kwenye orodha ya vigawe vya 3 imekaa nafasi ya 15. Kwenye orodha ya vigawe vya 5 imekaa nafasi ya 9. Ukijumlisha orodha hizo mbili umeihesabu 45 mara mbili, na 45 ni namba moja. Kila kigawe cha 15 kimefanyiwa hivyo, navyo viko 66. Kila kimoja kina jina la ziada kwenye daftari, kwa hiyo unafuta majina 66: 533 toa 66, inabaki 467. Unaingiza wote, kisha unaengua waliojirudia. Hilo tu.

Nimesema unafuta jina, sijasema unamfukuza mtu. Hapa ndipo ninapochoka kweli, maana nusu ya wale wanaokubali kwamba 533 ni kubwa mno wanakimbilia upande wa pili na kuleta 401. Wametoa 66 mara mbili. Ukiwauliza kwa nini, wanasema 45 inagawanyika kwa vyote viwili, na swali limesema "au", kwa hiyo 45 haimo.

Sitawalaumu sana, kosa ni la lugha tunayoongea. Mhudumu akikuuliza "chai au kahawa?" anategemea uchague kimoja, ukisema vyote atacheka. Lakini mlinzi wa getini akisema "mwenye kitambulisho cha taifa au leseni apite", je, mwenye vyote viwili anarudishwa nyumbani? Anapita, na anapita mara moja. "Au" ya hisabati ni ya mlinzi. Anayetaka ile ya mhudumu aandike wazi "kwa 3 au kwa 5 lakini si kwa vyote viwili", na huyo kweli jibu lake ni 401. Nakiri kwamba kwa miaka mingi nililitoa swali bila kusema "au" yangu ni ipi, na kuna watoto niliowakosesha kwa 401 ambao leo nisingewakosesha kwa moyo mweupe.

Turudi kwa kaka. Nilimwomba anitumie alichoandika. Akatuma:

```
sum(1 for n in range(1, 1001) if n % 3 and n % 5)
```

Nikajaribu mwenyewe. Kompyuta ikasema 533. Nikabaki nimeduwaa kidogo, sitaficha. Nikachukua risiti ya Luku iliyokuwa mezani, nikaigeuza nyuma, nikaanza kuhesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili.

Njia ya kuhakiki bila kanuni yoyote ni kukata namba mafungu ya kumi na tano. Kuanzia 1 hadi 15 zinazotufaa ni 3, 5, 6, 9, 10, 12 na 15. Saba. Fungu linalofuata lina saba vilevile, mahali palepale, kwa sababu 15 inagawanyika kwa 3 na kwa 5, mchezo unaanza upya. Mafungu 66 yanafika 990, yaani namba 462. Zinabaki 991 hadi 1000, humo zimo 993, 995, 996, 999 na 1000. Tano. Jumla 467. Kwa hiyo mimi sikukosea, na kompyuta haikukosea pia. Imejibu swali jingine.

`n % 3` ni baki unapogawa kwa 3. Python, lugha ya kompyuta aliyoandikia, ikiona baki lisilo sifuri inachukulia kwamba jibu ni ndiyo. Kijana ameomba namba zenye baki kwa 3 na zenye baki kwa 5, yaani zile ambazo hazigawanyiki kwa chochote kati ya hivyo viwili. Hizo ni 1000 toa 467, nazo ni 533. Alipaswa kuandika `n % 3 == 0 or n % 5 == 0`. Nilimuuliza kwa nini aliweka `and` wakati swali linasema "au". Akakiri kwamba mwanzo aliweka `or`, ikatoka 934, akaona imezidi mno, akabadilisha, ikatoka 533 kama ya dogo, akaridhika. (Ile 934 ni 1000 toa 66: zote isipokuwa vigawe vya 15.)

Kwa hiyo jumla aliyoipata mtoto kwa kukosea ni 533, na idadi ya namba zilizobaki nje ni 533. Nilimwandikia kaka kwamba ni bahati mbaya tu. Nikazima taa. Sikulala vizuri, maana nimelifundisha swali hili miaka yote na sikuwahi kuliona jambo hilo.

Asubuhi nikarudi kwenye risiti. Ndani ya fungu la 15, vigawe vya 3 ni vitano, vya 5 ni vitatu, mtoto anajumlisha anapata nane. Waliomo kweli ni saba, waliobaki nje ni nane. Nane kwa nane! Na kwenye zile kumi za mwisho, mtoto anapata tatu na mbili, tano. Walio nje nao ni watano. Ndiyo maana kwenye 1000 zinalingana barabara. Ukiishia 100 pia, anayekosea anapata 53, na walio nje ni 53. Ukiishia 999 zinaachana kwa moja, 532 na 533.

Je, ni hivyo kwa namba nyingine? Chukua mbili zisizo na kigawo cha pamoja zaidi ya 1, tuziite a na b. Ndani ya fungu la urefu ab, mtoto anajumlisha anapata a + b. Waliomo kweli ni a + b − 1. Walio nje ni ab − a − b + 1. Ukitaka jumla ya mtoto ilingane na walio nje, ukipanga upya unapata:

(a − 2)(b − 2) = 3

Na 3 ni namba tasa, haina njia nyingine ya kuzidishwa ila 1 kwa 3. Basi a ni 3 na b ni 5. Hakuna jozi nyingine ya aina hiyo duniani. Kati ya namba zote ambazo ningeweza kuwapa watoto, nimekuwa nikiwapa ile jozi moja tu ambayo kosa lao linafanana na jibu la swali jingine. Nikamwandikia kaka tena, safari hii nikiomba radhi kwa neno "bahati".

Kuna jambo la pili linalonikera, nalo nitalipitia haraka. 1000 gawa kwa 15 ni 66.67. Mtoto aliyefundishwa kukadiria anaandika 67, anapata 333 + 200 − 67, yaani 466. Hapa hatukadirii. Fungu ambalo halijatimia halina kigawe chake cha 15, kwa hiyo desimali inatupwa hata ikiwa .99. Shida ni kwamba 466 pia ndilo jibu sahihi la aliyesoma "chini ya 1000" badala ya "hadi 1000", kwa kuwa 1000 yenyewe inagawanyika kwa 5. Makosa mawili tofauti kabisa, jibu moja. Ukisahihisha kwa kutazama mstari wa mwisho tu, hujui unamrekebisha nani kwa lipi.

Nikaamua kubadilisha swali: 3 au 7. Anayejumlisha tu anapata 475, walio nje ni 572, jibu sahihi ni 333 + 142 − 47, yaani 428. Safi. Kisha nikajifanya mtoto anayekadiria: 142.86 inakuwa 143, 47.62 inakuwa 48. 333 + 143 − 48 ni 428. Makosa mawili yamefutana, mtoto amepata vema na hajui lolote.

Jumamosi hii nitawapa 4 au 6. Vigawe vya 4 ni 250, vya 6 ni 166. Wengi watazidisha 4 kwa 6 na kuengua vigawe vya 24, ambavyo ni 41, watapata 375. Lakini 12 imo kwenye orodha zote mbili na haigawanyiki kwa 24. Kinachotakiwa ni KDS, yaani 12, na vigawe vyake ni 83: 250 + 166 − 83, jibu 333. Anayejumlisha tu atapata 416, anayekadiria 334, aliyesoma "chini ya" 332. Kila kosa na namba yake. Aliyetumia "au" ya mhudumu ndiye bado ananisumbua, maana atapata 250, na 250 ndivyo vigawe vya 4 peke yake. Huyo itabidi nisome njia yake yote, mstari kwa mstari.