"Connection refused" si sawa na "timed out", na bando jipya halitibu lolote kati ya hayo

Kila wikendi ujumbe ni uleule: "Seva imekufa, nimenunua bando lingine na bado haiingii." Ukiuliza maneno gani yametokea kwenye skrini, unajibiwa "ile ya kukataa kuunganisha". Ipi? Ziko tatu, na kila moja inaonyesha mahali tofauti pa kutafuta hitilafu. Tafadhali, soma maneno kabla ya kubonyeza OK.

Tuchukue Minecraft ya Java. Seva iko kwenye kompyuta ya nyumbani Kampala, poti ni 25565, na mchezaji yuko Gulu.

"Unknown host" (michezo mingine huandika "host not found") sitakaa nayo sana. Jina la seva halikugeuzwa kuwa anwani ya IP, kwa hiyo hakuna pakiti hata moja iliyoelekea Kampala. Mwenye seva hana cha kurekebisha kwenye poti. Angalia herufi, nafasi iliyobaki mwishoni mwa jina, au `http://` iliyobandikwa mbele. Kisha jaribu kufungua tovuti yoyote: mtandao ukikatika kabisa, ujumbe huwa huohuo, kwa sababu hata DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani za IP, haifikiki.

"Connection refused" ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Watu huisoma kama marufuku, wakidhani wamefungiwa na mwenye seva. Sivyo. Aliyefungiwa kwenye mchezo hupata ujumbe wa mchezo wenyewe, baada ya kuunganishwa. Refused maana yake pakiti ya kwanza ilifika kwenye anwani hiyo na jibu likarudi: hakuna programu inayosikiliza poti hii. Njia ya Gulu hadi Kampala iko sawa. Kwa kawaida seva haijawashwa, haijamaliza kupakia, inasikiliza poti nyingine, au imefungwa kwenye 127.0.0.1, hivyo inajibu kompyuta yake yenyewe tu. Kwenye kompyuta ya Windows yenye seva, andika:

```
netstat -ano | findstr 25565
```

Unataka kuona `0.0.0.0:25565` au `[::]:25565` pamoja na neno LISTENING. Ukikuta `127.0.0.1:25565`, fungua `server.properties`, acha `server-ip=` bila kitu baada ya alama ya =, kisha washa seva upya. Usipoona chochote, programu haisikilizi poti hiyo. Soma logi yake kabla ya kumlaumu mtu wa Gulu.

"Connection timed out" ni kimya. Mchezo umetuma, umerudia kutuma, umengoja kama sekunde 20 au 30, na hakuna aliyejibu. Hata muda wenyewe ni ushahidi: refused huja ndani ya sekunde 1 au 2. Kimya huletwa na faiawoli inayotupa pakiti bila kujibu, na IP ya zamani ambayo jina la seva bado linaelekeza kwayo, au na ruta ambayo haikuelekezwa kupeleka poti 25565 kwenye kompyuta husika.

Na kwa seva zinazoendeshwa kwa intaneti ya simu, ongeza jambo hili: fungua ukurasa wa ruta na usome IP yake ya upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnagawana IP moja ya nje na wateja wengine wa kampuni ya simu. Hapo kufungua poti kwenye ruta yako hakusaidii hata kidogo, hata ukirudia usiku kucha. Omba IP ya umma, au kodi seva iliyo nayo.

Sasa sehemu ambayo vitabu huiruka. Faiawoli ya Windows ikiwa imewashwa, poti isiyo na programu hunyamaza badala ya kukataa. Kwa hiyo seva iliyozimwa kwenye Windows huonekana kama timed out, wakati Linux isiyo na faiawoli ingesema refused. Na baadhi ya ruta hukataa zenyewe, kwa hiyo refused haithibitishi kwamba kompyuta yako ndiyo iliyojibu. Ndiyo maana netstat huja kwanza, halafu mchezaji wa Gulu anapima kutoka kwake kwa PowerShell, akiweka jina la seva yenu badala ya mc.example.com:

```
Test-NetConnection mc.example.com -Port 25565
```

Soma mstari wa `TcpTestSucceeded` peke yake. `PingSucceeded` ikiwa False, iache. Seva nyingi hazijibu ping na bado zinachezeka. Wala usipime IP yako ya nje ukiwa kwenye Wi-Fi ileile ya seva: ruta nyingi haziwezi kurudisha pakiti ndani, nawe utapata timed out huku watu wa nje wanaingia bila shida. Zima Wi-Fi, tumia data ya simu.

Yote haya ni ya TCP, njia ya kutuma data inayotumiwa na Minecraft ya Java. Minecraft ya Bedrock hutumia UDP, poti 19132, na huko hata seva iliyozimwa kwa kawaida huonekana kama kimya tu, na Test-NetConnection haiwezi kuipima.