Jumbe tatu kabla ya mkutano: wiki moja, siku moja na asubuhi yenyewe

Anayeandaa mkutano Tanga mara nyingi huandika ujumbe mmoja mzuri, kisha akautuma mara tatu. Hapo ndipo ukumbusho unapopoteza nguvu. Mtu akishaona maneno yaleyale mara ya pili, ya tatu hayafungui, na ya tatu ndiyo ilikuwa imebeba habari ya mlango gani wa kuingilia. Mimi nashikilia kwamba kila ujumbe uwe na kazi yake: wa kwanza unataka jibu, wa pili unamfikisha mtu, wa tatu unamwingiza ukumbini.

Tuchukue mfano tuutembee hadi mwisho. Wadau wa mkonge 180 wanaalikwa mkutano wa siku moja Raskazone, Alhamisi tarehe 14/5/2026, saa 3 asubuhi. Wengine wanaishi Tanga mjini, wengine Muheza na Pangani, wengine wanatoka Dar es Salaam na Arusha kwa basi. Ni mwezi wa masika, kwa hiyo barabara nayo ina neno lake.

Ujumbe wa wiki moja kabla unatoka Alhamisi 7/5, saa 4 asubuhi, watu wakiwa kazini na simu mkononi. Mimi ningeuandika hivi:

"MKONGE TANGA: Mkutano ni Alhamisi 14/5/2026, saa 3 asubuhi (9:00), ukumbi wa Raskazone. Utakuja? Tuma NDIYO au HAPANA kwa 07XXXXXXXX kabla ya Jumamosi 9/5."

Hauna salamu ndefu, hauna jina la mgeni rasmi, hauna ratiba. Vyote hivyo vilikuwa kwenye barua ya mwaliko. Hapa tunataka neno moja tu kutoka kwa mtu, na tumempa siku ya mwisho kwa sababu mpishi anataka idadi ya sahani Jumatatu 11/5. Jumamosi jioni unagawa orodha mara tatu: waliosema NDIYO, waliosema HAPANA na walionyamaza. Waliosema HAPANA wanatolewa kabisa kwenye jumbe zinazofuata. Kumkumbusha mtu aliyekwisha kukuomba radhi ni kumkosea adabu. Walionyamaza wanapigiwa simu Jumatatu asubuhi. Usiwatumie SMS nyingine ya kuuliza, maana asiyejibu ya kwanza haelekei kujibu ya pili, na huenda hata haikumfikia.

Namba ya kujibia imeandikwa ndani ya ujumbe kwa sababu maalumu. Ukituma kwa mfumo wa jumbe nyingi, juu ya simu ya mpokeaji hutokea jina badala ya namba, na jina halijibiki. Mtu ataandika NDIYO, simu itakataa kutuma, naye ataona amekwisha kufanya lake. Jina hilo lina mwisho wa herufi 11, na lazima lisajiliwe kupitia kampuni inayokutumia jumbe kabla halijaanza kutumika. Wengi hutumia jina la pamoja la kampuni hiyo wakisubiri lao, na ndiyo maana ujumbe wangu unaanza na MKONGE TANGA: mpokeaji ajue tangu neno la kwanza nani anamwandikia.

Sasa tuhesabu, maana hapa ndipo pesa inapopotea bila mtu kuona. SMS moja ya herufi za kawaida inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ujumbe wa hapo juu una 155. Tuseme katibu ameuandika kwenye Word na akaona vizuri kuweka NDIYO na HAPANA ndani ya alama za kunukuu. Zimeongezeka alama nne, jumla 159, bado zinaingia kwenye SMS moja. Lakini Word huzigeuza alama hizo zikawa zile zilizopinda, na alama iliyopinda haimo kwenye seti ya kawaida ya SMS. Ikiingia hata moja, ujumbe mzima unahamia seti nyingine ambayo SMS moja inabeba herufi 70 tu, na zikiunganishwa kila kipande kinabeba 67. Herufi 159 zinakuwa vipande vitatu. Kwa watu 180 ulikuwa ulipie SMS 180. Sasa unalipia 540, na hakuna neno lililoongezeka.

Kiswahili kina mtego wake hapa: ile alama ya ng' katika maneno kama ng'ambo. Ukiiandika moja kwa moja kwenye mfumo, inabaki imenyooka na haina tatizo. Ukiinakili kutoka Word, inakuja imepinda. Vilevile mstari mrefu wa kutenganisha maneno, na vikatuni vya uso vya kwenye simu. Kabla ya kubonyeza kutuma, angalia kihesabio cha mfumo: kikionyesha vipande viwili au vitatu kwa ujumbe mfupi, futa kila alama ya kunukuu na kila ng' uziandike upya kwa mkono.

Orodha ya namba nayo ikaguliwe siku hiyohiyo. Excel ikiona 0712 mwanzoni inaiona ni hesabu, inakula sifuri. Namba ndefu iliyoanza na 255 inaweza kuigeuza ikasomeka `2.55712E+11`, na ukihifadhi faili la CSV katika hali hiyo tarakimu za mwisho zimepotea, hazirudi. Safu ya simu iwekwe kuwa maandishi kabla hujabandika namba, zote ziandikwe kwa 255 bila sifuri, kila moja iwe na tarakimu 12. Iliyo na 11 au 13 ina kasoro, mtafute mwenyewe.

Ujumbe wa siku moja kabla ndio unaohitaji kufikiriwa zaidi, na ndio waandaaji wengi huufanya kwa mazoea. Siku moja kabla ya nini? Kwa mtu wa Chumbageni au Ngamiani ni siku moja kabla ya mkutano. Kwa mtu wa Dar es Salaam ni siku moja kabla ya kupanda basi. Yeye anaondoka Jumatano asubuhi, anapita Chalinze na Segera, anaingia Tanga mchana au jioni. Ukimtumia Jumatano saa 11 jioni habari ya stendi na bajaji, ameshashuka Kange na ameshauliza njia kwa wengine. Kwa hiyo orodha ya waliosema NDIYO inagawanywa tena: wasafiri na wenyeji.

Wasafiri wanatumiwa Jumanne 12/5, saa 12 jioni, wakati wanafunga begi:

"MKONGE TANGA: Ukisafiri Jumatano 13/5, shuka stendi ya Kange, kisha bajaji hadi Raskazone. Mkutano ni Alhamisi 14/5 saa 3 asubuhi. Ukikwama piga 07XXXXXXXX."

Wenyeji, pamoja na wa Muheza na Pangani watakaokuja asubuhi, wanatumiwa Jumatano 13/5, saa 11 jioni:

"MKONGE TANGA: Kesho Alhamisi 14/5 saa 3 asubuhi, ukumbi wa Raskazone. Usajili unaanza saa 2. Njoo na kitambulisho. Kama huji, tuma HAPANA kwa 07XXXXXXXX."

Angalia kwamba neno kesho halikuachwa peke yake; limefungwa na jina la siku na tarehe. Simu ikizimika chaji jioni ikawashwa alfajiri, ujumbe unaingia Alhamisi, na "kesho" tupu inamwambia mtu aje Ijumaa. Kwenye ujumbe wa wasafiri nimeliacha kabisa, maana mtu mmoja anaweza kuusoma Jumanne usiku na mwingine Jumatano akiwa ndani ya basi.

Mifumo mingi inakuruhusu kuweka muda wa ujumbe kuishi, yaani usipofika ndani ya saa kadhaa ufutwe. Ule wa wiki moja kabla uachie siku mbili. Wa siku moja kabla uachie saa 12. Wa asubuhi usizidi saa tatu, kwa sababu ujumbe wa "leo" unaoingia usiku ni kero tu.

Huo wa asubuhi unatoka saa 12 kamili, Alhamisi. Watu wametoka kuswali alfajiri au wanajiandaa, na wa Muheza na Pangani bado hawajapanda gari:

"MKONGE TANGA: Leo Alhamisi 14/5. Mlango uko upande wa bahari, usajili saa 2 hadi saa 3 kasoro robo. Ukipotea piga 07XXXXXXXX."

Mlango, usajili, namba, basi. Kama mvua ya usiku imejaza maji njia fulani, hapo ndipo pa kuongeza sentensi moja ya kusema wapitie wapi. Ndiyo maana ujumbe huu hauandikwi wiki nzima kabla ukafungiwa. Unaandaliwa, kisha mtu anausoma tena saa 11:30 alfajiri kabla haujaondoka.

Saa zenyewe ndizo hufanya ujumbe mwema utoke wakati mbaya. Mfumo unahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Ukitaka saa 12 asubuhi unaandika 06:00. Aliyeandika 12:00 kwa kufikiri Kiswahili, ujumbe wake unatoka saa 6 mchana, watu wakiwa kwenye chakula. Pili, seva nyingi zinafuata UTC, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Kama fundi wako anapanga kazi hii kwa cron, programu inayoanzisha kazi yenyewe saa iliyopangwa, kwenye seva ya namna hiyo, mstari wa Alhamisi 14/5 uwe huu:

```
0 3 14 5 * /opt/sms/asubuhi.sh
```

Hiyo ni 03:00 ya UTC, yaani saa 12 asubuhi Tanga. Cron haijui mwaka, kwa hiyo mstari ufutwe baada ya mkutano, la sivyo utarudia tarehe hiyohiyo mwakani. Kama hujui seva inafuata saa gani, jitumie ujumbe wa majaribio uliopangwa dakika tano mbele. Usipoingia, subiri: ukiingia saa tatu baadaye, jibu umelipata.

WhatsApp iwe ya kubeba ramani na ratiba. Usiitegemee peke yake, kwani ujumbe wa orodha ya matangazo unawafikia tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao, na orodha moja haizidi watu 256.

Saa 12:30 asubuhi fungua taarifa ya ufikishaji. `DELIVRD` maana yake umefika kwenye simu. `UNDELIV` na `REJECTD` haukufika, na mara nyingi sababu ni namba mbovu au jina la mtumaji lisilokubaliwa na mtandao. Ukiona `REJECTD` nyingi za mtandao mmoja tu, tatizo ni jina. Ipigie kampuni ya jumbe mara moja. Zikiwa chache zilizotawanyika, chukua karatasi na upige hizo namba moja moja, ukianza na wanaotoka mbali. Ile namba iliyoandikwa kwenye jumbe zote tatu iwe na mtu wake, simu ina chaji, naye asipewe kazi nyingine yoyote mlangoni hadi saa 4.