RSA si Grice aliyewekewa namba

Wiki iliyopita nilikaa tena kwenye utetezi wa tasnifu nikasikia sentensi ambayo nimeisikia kila mwaka: "RSA inakokotoa madokezo ya Grice kwa namba." RSA ni modeli za hesabu zinazobashiri jinsi msikilizaji anavyomwelewa mzungumzaji, na madokezo ya mwanafalsafa Grice ni yale ambayo mzungumzaji anamaanisha bila kuyasema wazi. Mtahiniwa alikuwa amejiandaa vizuri, na kazi yake ilikuwa safi. Kwenye jedwali lake kulikuwa na mstari wenye asilimia 17, na kando yake ameandika "dokezo dhaifu". Nikamuuliza, "Hiyo 17 ni asilimia ya nini?" Akajibu bila kusita, "Ya dokezo, Mwalimu."

Sivyo. Na kosa si lake peke yake, maana hata wasimamizi husema hivyo. Ndiyo maana ninaandika.

Tuanze na Grice, haraka. Kiranja anamwambia mwalimu, "Baadhi ya vitabu vimerudishwa." Mwalimu anaelewa kwamba si vyote. Njia ya kawaida ya kufika hapo ni hii: kiranja angeweza kusema "vyote", ambalo lina taarifa zaidi na linahusu swali lilelile; kwa kaida ya kiasi, inayomtaka mtu atoe taarifa za kutosha, kama angejua ni vyote angesema hivyo, kwa hiyo hana uhakika kwamba ni vyote. Hapo tumefika nusu ya safari tu. Ili tupate "anajua kuwa si vyote" ni lazima tuongeze dhana kwamba kiranja anaijua hali ya vitabu. Sauerland alizitenganisha hatua hizo mbili vizuri mwaka 2004, na anayeziruka hujikuta anamwekea mzungumzaji imani asiyokuwa nayo. Ngazi ya "baadhi" na "vyote" yenyewe tumeipata kwa Horn, mwaka 1972. Mihadhara ya Grice ilitolewa Harvard mwaka 1967, na sehemu inayohusu madokezo ikachapishwa 1975.

Sasa RSA, yaani modeli za vitendo-usemi vya kirazini. Msikilizaji sisisi, L0, anayechukua maneno kama yalivyo, anaondoa hali zote ambazo usemi ni uongo ndani yake, basi. Mzungumzaji, S1, anachagua usemi kwa kupima jinsi utakavyomfikisha L0 kwenye hali ya kweli. Msikilizaji wa kipragmatiki, L1, anarudi nyuma kutoka kwa S1 kwa kanuni ya Bayes. Katika mistari ifuatayo `w` ni hali ya dunia, `u` ni usemi, [[u]](w) ni 1 usemi ukiwa kweli katika hali hiyo na 0 ukiwa uongo, P(w) ni uwezekano wa awali wa hali, C ni gharama ya usemi, na α ni kiasi ambacho mzungumzaji anashikilia usemi ulio bora.

```
L0(w|u) ∝ [[u]](w) · P(w)
S1(u|w) ∝ exp(α · (log L0(w|u) − C(u)))
L1(w|u) ∝ S1(u|w) · P(w)
```

Chukua hali tatu (hakuna kilichorudi, vimerudi baadhi si vyote, vimerudi vyote) zenye uwezekano sawa wa awali, semi tatu zisizo na gharama, na α = 1. L0 akisikia "baadhi" anagawa nusu kwa nusu kati ya hali mbili za mwisho, kwa sababu kimantiki "baadhi" ni kweli hata vikirudi vyote. S1 aliye kwenye hali ya vyote atasema "vyote" mara mbili kwa kila mara moja ya "baadhi", yaani theluthi moja tu ni "baadhi". Aliye kwenye hali ya baadhi hana usemi mwingine wa kweli, kwa hiyo atasema "baadhi" daima. L1 analinganisha 1 na 1/3, na anapata asilimia 75 kwamba si vyote. Ukipandisha α hadi 4, inafika asilimia 94. Hapa watu hupiga makofi, na kweli hesabu inapendeza.

Lakini tazama kilichotoka. Kwa Grice kinachotoka ni pendekezo moja: mzungumzaji amemaanisha kuwa si vyote. Kwa RSA kinachotoka ni imani ya msikilizaji kuhusu vitabu. Katika mfano huu vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja kwa sababu tumeweka uwezekano wa awali ulio sawa. Ukiubadilisha, vinaachana.

Mfano wa mtahiniwa wangu ulikuwa wa gololi, kama ule ambao Degen, Tessler na Goodman waliujadili mwaka 2015. Mtu anatupa gololi bwawani, kisha anasema, "Baadhi ya gololi zilizama." Sote tunajua gololi huzama. Basi tuipe hali ya "zote" uwezekano wa awali wa 0.90, "baadhi si zote" 0.09, na "hakuna" 0.01. Rudia hesabu kwa α = 1. L0 akisikia "baadhi" tayari anaamini kwa 10/11 kwamba ni zote, kwa hiyo S1 aliye kwenye hali ya zote haoni faida kubwa ya kusema "zote": atasema "baadhi" mara 10 kati ya 21. L1 anamaliza na asilimia 83 kwa "zote" na asilimia 17 kwa "si zote". Hiyo ndiyo 17 yetu.

Je, wewe uliposoma "baadhi ya gololi zilizama" ulielewa nini? Ulielewa kwamba msemaji anadai kuna zilizoelea. Huenda ulishangaa, huenda hukumsadiki, lakini ulimwelewa. Watu walipojaribiwa kwa mifano ya aina hii, uwezekano wa awali haukuwavuta kama modeli inavyotabiri. Bado walielekea kujibu kwamba si zote.

Hapa ndipo ninapokosa subira. Kuelewa ni jambo moja na kuamini ni jingine. Mtoto wa jirani akiniambia kwamba baadhi ya mawe aliyotupa mtoni yalizama, dokezo ni kamili na imani yangu ni sifuri. Grice ana mahali pa kuviweka vyote viwili, kwa sababu dokezo kwake ni sehemu ya alichokusudia mzungumzaji. L1 ana kapu moja tu: anachanganya alichoambiwa na alichokuwa akikijua, kisha anakupa jumla. Asilimia 17 haipimi dokezo. Inapima kiasi cha imani kilichobaki baada ya dokezo kugombana na ujuzi wa dunia, na kuiita "dokezo dhaifu" ni kumsingizia msemaji unyonge ambao haumo katika maneno yake.

Degen na wenzake, waliotunga suluhisho la tatizo hili, walifanya jambo la busara. Walimruhusu msikilizaji kuwaza kwamba dunia inayozungumzwa si ya kawaida, pengine bwawa si la maji au gololi ni za plastiki, na akiona hivyo anaacha uwezekano wake wa awali na kutumia ule ulio sawa. Hapo utabiri unasogea karibu na majibu ya watu. Nalipenda suluhisho hilo, lakini bado ni njia ya kumfanya msikilizaji aamini. Mtu aliyeelewa na akakataa kuamini bado hana mahali pa kukaa.

Nadhani najua mkanganyiko ulikotoka. Makala ya Frank na Goodman ya mwaka 2012, iliyowatambulisha wengi kwenye RSA, ilihusu mchezo wa kurejelea: kuna vitu vitatu mezani, msemaji anataja sifa moja, nawe unabashiri anakusudia kipi. Katika mchezo huo hali ya dunia *ni* kusudio la msemaji. Hakuna cha kusadiki au kukataa, kwa sababu yeye ndiye aliyechagua kitu. Kuelewa na kuamini vimekuwa kimoja kwa jinsi mchezo ulivyoundwa. Kisha modeli ikahamishwa kutoka mezani kwenda kwenye "baadhi", ambako `w` ni vitabu, gololi, au matokeo ya mtihani, na alama ikabaki ileile `w`. Hakuna aliyedanganya, ila kitu kinachobashiriwa kimebadilika na jina halikubadilika.

Kuna jingine ambalo vitabu hulipita. Kwenye mfano wa gololi nimempa hata L0 ule uwezekano wa awali. Wapo wanaompa L0 uwezekano sawa na kuuacha ule wa kweli kwa L1 peke yake. Kwa α = 4, njia ya kwanza inatoa asilimia 20 kwa "si zote", ya pili inatoa 63. Modeli ni ileile, jina ni lilelile, na hitimisho ni la kinyume. Sijui njia ipi ni sahihi. Nimewahi kutumia zote mbili, na mara moja nilichagua kwa sababu tu namba zilikaa karibu zaidi na data. Ukisoma makala ya RSA, tafuta kwanza `P(w)` imekaa kwenye mstari upi.

Nisiwanyime watu wa RSA haki yao. Ile dhana ya ujuzi wa mzungumzaji, ambayo kwa Grice ni hatua ya ndiyo au hapana, RSA inaibeba vizuri kuliko sisi tunaomfuata Grice. Goodman na Stuhlmüller mwaka 2013 waliwaeleza watu kwamba msemaji ameona vitu viwili tu kati ya vitatu, na dokezo la "si vyote" likapungua kama modeli ilivyotabiri. Hapo namba zina kazi ya kweli, kwa sababu ujuzi wenyewe ni wa viwango.

Mwisho ni suala la mbadala, yaani semi nyingine ambazo mzungumzaji angeweza kuzitumia. Wengi huniambia RSA imetatua tatizo la ulinganifu, lile linalouliza kwa nini "baadhi" inalinganishwa na "vyote" na si na "baadhi tu". Rudi kwenye vitabu, α = 1, uongeze usemi "baadhi tu" bila gharama. Sasa aliye kwenye hali ya baadhi naye atasema "baadhi" theluthi moja tu ya mara, sawasawa na aliye kwenye hali ya vyote, na L1 anabaki nusu kwa nusu. Dokezo limetoweka. Unalirudisha kwa kuipa "baadhi tu" gharama: ukiweka C = 1 unapata kama asilimia 63. Ukiuliza gharama hiyo inatoka wapi, utaambiwa inatoka kwenye urefu wa usemi. Lakini "tu" ni silabi moja, na sioni ni kipimo gani cha urefu kinachoifanya silabi hiyo kuwa nzito kiasi cha kubeba dokezo zima. Katzir mwaka 2007 alijibu kwa muundo badala ya urefu: mbadala hauruhusiwi kuwa na muundo mkubwa kuliko usemi wenyewe. Jibu hilo unaweza kulitia ndani ya RSA, lakini unalitia kwa mkono, kabla hesabu haijaanza, sawa kabisa na anayefuata Grice anavyoandika ngazi yake ubaoni.

Mtahiniwa alipita. Masahihisho niliyompa ni kubadilisha kichwa cha safu ile moja ya jedwali, na kuongeza safu ya pili yenye majibu ya swali ambalo hakuwauliza washiriki wake: "Msemaji alitaka uamini nini?"